Uso Mweusi, Ziwa Linang'aa: Kugusa na Kufunga Mwangaza kwenye Kamera ya Simu

Jioni ufukweni Mwanza, karibu na kivuko cha Kamanga, watu husimama wakilipa ziwa mgongo, Jiwe la Bismarck likiwa nyuma yao majini. Simu inainuliwa, picha inapigwa, kisha wote wanakusanyika kuitazama. Ziwa limetoka safi, jiwe limetoka, anga lina rangi zake zote. Waliopigwa ndio hawaonekani: vimebaki vivuli vyenye umbo la watu, na meno ya yule aliyekuwa anacheka.

Napiga picha za watu kwa simu kwenye ufukwe huu, na hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote. Wengi wanailaumu simu. Wengine wanajilaumu wenyewe, na hapo ndipo ninapoumia. Binti mmoja aliniambia, "Kaka, usihangaike, mimi ni mweusi sana, picha hazinikubali." Dakika moja baadaye alikuwa na picha yake iliyotoka vizuri, rangi yake ileile, kwa simu yake ileile ya bei ya kawaida. Kilichobadilika ni mahali kidole kilipogusa kioo, na muda kilipokaa pale.

Kamera inafanya nini hadi uso uwe mweusi

Lenzi kuu za simu nyingi zina tundu lisilobadilika ukubwa. Kwa hiyo simu inapotaka picha iwe na mwanga zaidi au kidogo, inacheza na vitu viwili: muda ambao sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachogeuza mwanga kuwa picha, inapokea mwanga, na kiasi ambacho mwanga huo unakuzwa, yaani ISO. Uamuzi huo inaufanya yenyewe kila mara unapoielekeza mahali. Inapima mwanga uliomo kwenye fremu, kisha inajitahidi wastani wake uangukie kwenye kijivu cha katikati, ambacho wapiga picha wamezoea kukihesabu kama kitu kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga unaokifikia.

Sasa fikiria fremu ya ufukweni. Zaidi ya nusu yake ni anga na maji yanayometa, na uso wa mtu ni sehemu ndogo tu. Simu inaona mwanga mwingi kupita kiasi na inaupunguza ili anga lirudi kwenye kijivu chake. Uso uliokuwa tayari kivulini unapunguzwa pamoja na anga. Anga la jioni lenye jua linaweza kuwa na mwanga mara 8 au 16 ya uso ulioligeuzia kisogo, kwa hiyo anga likikaa vizuri uso lazima uzame.

Mwanza tatizo hili lina saa zake. Mji uko upande wa mashariki wa ghuba, maji yako magharibi. Jua linazama upande wa ziwa, kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni kutegemea na miezi, na ndio muda watu wanaotoka kazini wanafika ufukweni. Yeyote anayepigwa akiwa na ziwa nyuma yake jioni, ana jua nyuma yake. Mtu huyohuyo akisimama palepale saa 2 asubuhi, jua linatokea upande wa mji na kummulika usoni, na simu haimsumbui kabisa. Kama una hiari ya kuchagua saa, chagua asubuhi. Kama huna, endelea kusoma.

Dalili: ziwa zuri, uso mweusi

Hujaiambia simu ikitazame nini. Gusa uso wa mtu kwenye kioo, mara moja, kwa ncha ya kidole. Kwenye iPhone utaona mraba wa manjano na alama ya jua pembeni yake. Kwenye simu nyingi za Samsung, Tecno, Infinix na nyinginezo utaona duara, na karibu yake alama ya jua, taa au mstari wa kuongeza na kupunguza mwanga. Umefanya mambo mawili kwa mpigo: fokasi, yaani ukali wa picha, imekwenda usoni, na kipimo cha mwanga kimehamia pale. Uso utainuka mbele ya macho yako, na anga nyuma litafifia kuelekea weupe. Kufifia huko ni gharama unayoilipa, na nitarudi kwake chini.

Mahali pa kugusa ni shavuni, chini kidogo ya jicho, upande ule wa uso ulio kivulini. Watu wengi wanagusa katikati ya mwili kwa sababu ni pakubwa na kidole kinapapata kirahisi. Kama mtu amevaa shati jeupe, kanzu au gauni la harusi, kugusa pale kunaiambia simu kwamba kitu muhimu ni cheupe mno, nayo inapunguza mwanga zaidi, na uso unakuwa mweusi kuliko ulivyokuwa kabla hujagusa. Kwenye harusi zinazokwenda kupiga picha Capri Point nimeona hili mara nyingi: gauni limetoka na kila mshono wake, bibi harusi hana macho. Kipaji kinachong'aa kwa jasho au mafuta nacho ni mtego wa namna hiyo, ndiyo maana nasema shavu.

Kama watu wako mbali na uso ni mdogo kuliko ncha ya kidole chako, simu inapima uso pamoja na anga linaloizunguka. Sogea mbele hadi uso uwe mkubwa, gusa, ufunge kama nitakavyoeleza, halafu rudi nyuma hatua mbili tatu. Mwanga utabaki ule wa usoni. Fokasi nayo itabaki pale ulipoifungia, ila lenzi za simu ni pana na sensa zake ni ndogo, kwa hiyo hatua hizo mbili tatu mara nyingi hazileti ukungu ukiwa umefungia mita mbili au zaidi. Ukiwa umefungia karibu sana, sentimita 40 au 50, utaona tofauti.

Dalili: picha ya kwanza safi, ya pili nyeusi tena

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Umegusa uso, umepiga, umeridhika. Umesogeza simu kidogo ili jiwe liingie lote, umepiga tena, na uso umerudi gizani. Simu haijaharibika. Mguso mmoja ni ombi la muda. Simu ikihisi kwamba kilicho mbele yake kimebadilika, kwa kuwa wewe umehama au mtu amegeuka au mtumbwi umepita, inaona ombi lako limekwisha na inarudi kupima fremu nzima. Ziwa linashinda tena.

Dawa ni kufunga. Badala ya kugusa na kuachia, gusa shavu na ukishikilie kidole palepale bila kukisogeza, kama sekunde mbili. Kwenye iPhone mraba utadunda na juu ya kioo yatatokea maandishi `AE/AF LOCK`. AE ni mwangaza, AF ni fokasi, na vyote viwili vimefungwa kwa pamoja. Kwenye simu nyingi za Android utaona kufuli ndogo ndani au kando ya duara. Kwenye nyingine duara linatokea kwanza na unagusa kufuli mwenyewe. Maumbo yanatofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini kuna jaribio moja la kujua kama umefunga kweli. Elekeza simu kwenye anga, kisha irudishe usoni. Kama anga limebaki jeupe bila kujipunguza, na uso umerudi na mwanga uleule, umefunga. Ukiona picha inajipunguza na kujiongeza yenyewe, hujafunga. Rudia, na safari hii usitikise kidole.

Kufungua ni kugusa mahali pengine popote kwenye kioo. Hilo pia ndilo linalofungua bila wewe kutaka. Dole gumba la mkono ulioshika simu likiparaza kioo, kufuli imetoka. Ukitoka kwenye kamera kujibu ujumbe, imetoka. Katika simu nyingi, ukibadili lenzi kwenda ile pana ya 0.5, imetoka pia, kwa hiyo chagua lenzi kwanza, funga baadaye. Mimi hutazama maandishi au kufuli kabla ya kila picha, kama dereva anavyotupia jicho kioo cha pembeni.

Dalili: umefunga usoni, lakini sasa uso ni mweupe kuliko mtu mwenyewe

Hili nataka nilieleze taratibu, kwa sababu maelekezo mengi yanaishia kwenye kugusa uso tu, na kwa ngozi zetu hayatoshi.

Kumbuka simu inatafuta kijivu cha katikati. Uso wa mtu mwenye ngozi nyeusi sana, kwa asili yake, uko chini ya kijivu hicho. Ukiugusa, simu inaona kitu cheusi na inakipandisha hadi kifike katikati. Matokeo yake ni ngozi iliyopauka, yenye rangi ya majivu, kama mtu amepakwa unga. Hii nayo ni picha mbaya, hata kama uso unaonekana. Lengo letu ni mtu aonekane alivyo.

Ukishafunga, kwenye iPhone weka kidole kwenye kioo na ukiburute chini polepole; kwenye nyingine shusha alama ya jua kwenye mstari wake. Kufuli haitoki kwa kufanya hivyo. Unarekebisha juu ya kile kilichofungwa. Shusha kidogo tu, huku ukitazama kitu kimoja: ule mng'ao mdogo kwenye mfupa wa shavu na ncha ya pua. Ngozi nyeusi yenye afya ina mng'ao huo. Mwanga ukizidi, mng'ao unapotea ndani ya weupe na uso unakuwa bapa. Ukishusha hadi mng'ao urudi na kivuli chini ya taya kionekane, simama hapo. Kwa mtu wa maji ya kunde mara nyingi sihitaji kushusha kitu.

Simu za siku hizi zinajitahidi kuzitambua sura na kuzipa uzito zenyewe. Google ilipotoa Pixel 6 mwaka 2021 iliingiza utaratibu iliouita Real Tone, uliolenga hasa ngozi nyeusi zitoke na rangi zake. Hizo ni hatua nzuri. Lakini simu kwanza lazima ijue kwamba hapo kuna uso, na uso uliozama kivulini mbele ya maji yanayometa ndio ambao simu yoyote inaweza kuukosa. Ukiona kimraba cha uso hakitokei chenyewe, usisubiri, gusa.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Wiki chache zilizopita jirani yangu alikuwa anamsindikiza mama yake anayerudi Sengerema. Walifika kivukoni mapema, kama saa 11 na robo jioni, na kijana akataka picha ya mama na ziwa. Mama alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mti, kilemba cheupe kichwani, kitenge cha bluu. Kijana alishapiga picha sita. Zote sita zilikuwa na kilemba kinachoelea hewani.

"Shikamoo mama," nilisema. "Marahaba, mwanangu. Na wewe unataka kunipiga giza?"

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kupangusa lenzi kwa pindo la fulana. Kitu cha pili ni kumwomba mama asogeze kiti kidogo kuelekea kushoto. Nyuma ya kichwa chake palikuwa na anga tupu. Baada ya kusogea, nyuma ya kichwa pakawa na mawe na majani. Jiwe la Mwanza jioni, upande unaotutazama, lina kivuli chake, kwa hiyo tofauti ya mwanga kati ya uso na kilicho nyuma ya uso ilipungua sana kabla sijagusa chochote. Ziwa lilibaki kwenye fremu, ila pembeni. Hatua hii inasaidia kuliko kitufe chochote, na watu wanairuka kwa sababu haipo kwenye simu.

Nilisimama mita moja mbele yake, simu ikiwa wima, na nikagusa shavu lake la kulia nikashikilia. Kufuli ikatokea. Uso ulikuja wote, mikunjo ya kando ya macho, hadi alama ndogo shavuni. Lakini kilemba kiligeuka kuwa doa jeupe lisilo na mkunjo hata mmoja. Nikashusha alama ya jua polepole. Mkunjo wa kwanza wa kilemba ukaonekana, kisha wa pili. Uso ulikuwa umeanza kuingia kivulini, nikapandisha nywele moja tu. Hapo uso ulikuwa mweusi kidogo kuliko ambavyo ningependa, na kilemba cheupe kidogo kuliko ambavyo ningependa, na ndipo mahali sahihi. Nikapiga tatu mfululizo.

Kisha kijana akasema kitu kwa Kisukuma, mama akacheka akainama mbele. Nikapiga. Ile ndiyo picha nzuri kuliko zote kwa sura, na ndiyo iliyotoka na ukungu kidogo, kwa sababu fokasi ilikuwa imefungwa pale uso ulipokuwa kabla hajainama, naye alikuja karibu karibu nusu mita. Nikamwambia kijana amkumbushe tena neno lile. Safari hii nilirudi nyuma nusu mita, nikafunga upya, nikangoja. Akacheka.

Tulipokuwa tunamalizia, wingu likafunika jua. Mwanga wote ukashuka, na kwa kuwa kufuli ilikuwa bado ipo, picha iliyofuata ilikuwa nyeusi kila mahali, uso na ziwa pamoja. Nilifungua kwa kugusa pembeni, nikafunga tena shavuni. Anga lilikuwa limelainika, na picha ya wingu ikatoka kwa urahisi kuliko zote.

Dalili: umefunga, picha ina ukungu au nyeusi yote

Katika mfano huo zimo sababu zake mbili. Kufuli inashika umbali na inashika mwanga. Mtu akisogea au jua likibadilika, kufuli yako ni ya zamani. Unazitofautisha hivi: kama vitu vilivyo nyuma ya mtu ni vikali kuliko uso, fokasi imeachwa nyuma. Kama picha nzima imeshuka au imepanda kwa pamoja, ni mwanga uliobadilika. Tiba ni moja, kufungua na kufunga upya.

Sababu ya tatu inakuja giza linapokaribia. Umegusa uso ulio kivulini saa 12 na nusu jioni, simu imeongeza muda wa kupokea mwanga ili uso uonekane, na sasa mtu akigeuza kichwa tu anaacha mkia. Ukungu huu una mwelekeo, kama mtu amepakwa na brashi upande mmoja, na vitu vilivyotulia karibu naye ni vikali kabisa. Mwambie atulie, egemeza simu kwenye jiwe au ukuta, au ushushe jua kidogo na ukubali picha yenye giza la jioni. Hilo la mwisho mara nyingi ndilo zuri zaidi.

Watoto, na wengine wasiotulia

Mtoto anayecheza kwenye mchanga hatakupa sekunde mbili za kushikilia kidole shavuni mwake. Tumia mkono wako. Simama ulipo mwanga uleule ulio usoni mwa mtoto, yaani jua likiwa upande uleule, nyosha mkono mbele ya lenzi, funga kwenye mkono, kisha mgeukie mtoto.

Tumia mgongo wa kiganja. Kiganja chenyewe cha mtu mweusi ni cheupe kuliko uso wake, na ukifunga pale simu itapunguza mwanga na uso wa mtoto utatoka mweusi. Shida ya mkono ni kwamba uko karibu mno na fokasi itafungwa hapo karibu. Kwa hiyo namwomba mtu mzima mwenye ngozi inayokaribiana na ya mtoto asimame umbali ule mtoto anapochezea, aweke mgongo wa mkono upande wa kamera, nafunga pale, anaondoka. Mama au dada wa mtoto anafaa zaidi. Baada ya hapo nasubiri mtoto apite umbali huo, na sigusi kioo tena isipokuwa kitufe cha kupiga.

Dalili: uso mzuri, lakini anga limekuwa karatasi nyeupe

Hiki ndicho kikomo cha mbinu hii, na ni vizuri ukijue kabla hujamwahidi mtu. Kufunga mwangaza hakuongezi mwanga usoni. Kunachagua nani apewe kipaumbele. Tofauti ikiwa kubwa mno, mmoja lazima apotee. Sehemu iliyoungua hadi kuwa nyeupe kabisa hairudi, hata ukihariri vipi, kwa sababu hakuna kilichorekodiwa pale. Sehemu yenye giza inaweza kuinuliwa baadaye kiasi, ingawa italeta chembechembe. Ndiyo maana ninapokuwa na wasiwasi nashusha jua kidogo zaidi ya ninavyopenda, na uso nauinua kidogo nyumbani.

HDR inasaidia. Simu inapiga picha kadhaa kwa haraka zenye mwanga tofauti na kuziunganisha, anga likitoka kwenye moja na uso kwenye nyingine. Iache iwe imewashwa. Ila haitoshi jua likiwa limeingia ndani ya fremu nyuma ya kichwa cha mtu, na mtu akiwa anatembea inaweza kumwachia kivuli maradufu pembeni ya mabega.

Njia ya kweli ya kuokoa vyote viwili ni kupeleka mwanga usoni. Flashi ya simu mchana ni dhaifu. Ukizidi kama mita moja na nusu haifanyi kitu cha maana. Shuka jeupe au khanga yenye eneo kubwa jeupe, ikishikwa na mtu chini ya kifua cha anayepigwa na kuinamishwa kuelekea jua, inarudisha mwanga usoni kwa namna utakayoiona hata kwa macho. Kugeuka kidogo pia kunatosha mara nyingi: mtu akiacha kulipa jua mgongo moja kwa moja na kulipa bega, shavu moja linapata mwanga, na unagusa shavu la pili.

Mchana wa saa 7, jua likiwa karibu na utosi, ni tatizo jingine. Uso una mwanga mkali kipajini na mashimo meusi machoni. Kugusa hakutibu hilo, kwa sababu mwanga na giza vyote viko ndani ya uso mmoja. Mpeleke mtu kwenye kivuli, umpige akitazama nje kwenye uwazi.

Video: uso unaowaka na kuzima

Kwenye video tatizo linaonekana kama kupumua. Mtu anaongea, nyuma yake mtumbwi wenye tanga jeupe unapita, uso unazama, mtumbwi unatoka, uso unarudi. Hili linaharibu mahojiano mengi yanayorekodiwa kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, mfanyabiashara wa dagaa amesimama kwenye mlango wa banda na mwanga wote uko nje. Funga kabla ya kuanza kurekodi, ukiwa tayari kwenye hali ya video; kufuli uliyoiweka kwenye hali ya picha katika simu nyingi haihamii kwenye video. Rekodi sekunde tano za majaribio huku mtu akigeuza kichwa, zitazame, ndipo uanze kazi. Na msemaji ajue hatakiwi kusogea mbele na nyuma, kwa sababu ya fokasi.

Dalili: picha ilikuwa nzuri pale, nyumbani ni nyeusi

Kioo chako kilikudanganya. Juani simu inapandisha mwanga wa kioo hadi mwisho, na picha nyeusi inaonekana ya kawaida. Kinyume chake pia hutokea: kioo kimepunguzwa ili kutunza chaji, juani huoni kitu, unapandisha jua la kamera hadi juu, na ukifika nyumbani nyuso zote zimeungua. Kabla watu hawajatawanyika, ingia kivulini au funika simu kwa mkono, vuta picha hadi uso ujaze kioo, utafute jicho. Ukiweza kutofautisha mboni na weupe unaoizunguka, una picha. Ukiona shimo tu, waite warudi.

Na kama uso hauna weusi wala weupe, ila umefunikwa na ukungu wa maziwa kana kwamba kuna moshi, usiguse mwangaza kabisa. Ni mafuta ya kidole kwenye lenzi yanayotawanya mwanga wa jua lililo mbele yako. Pangusa kwa kitambaa cha pamba kikavu, kwa mviringo, kisha weka kiganja juu ya simu kama kofia ili jua lisiipige lenzi moja kwa moja, na angalia kwenye kioo kwamba kiganja chenyewe hakijaingia kwenye picha.